Mistari Tatu Chini ya Jedwali

Wanafunzi wenzangu, na ninyi waalimu wetu,

Katika jiografia, katika ekonomia na hata katika biolojia tunaombwa kuweka jedwali ndani ya kazi zetu. Wengi wetu tunachora jedwali muzuri sana, na rula, na wino wa rangi mbili, kisha tunapita kwa sura ingine. Chini ya jedwali hakuna neno. Musomaji anabaki na namba, na kila mutu anazisoma namna yake. Mumoja anasema: "Kumbe vitu viliharibika." Mwingine anasema: "Hapana, ni mwaka moja tu." Na wote wawili wanaangalia ile jedwali moja.

Somo hili ni juu ya maneno machache ambayo inapashwa kukaa chini ya jedwali. Ni mistari tatu, ao ine kama hesabu ni nyingi. Mistari hii inasema mambo mawili: mwendo mukubwa wa zile namba, na angalisho moja. Wengine wanaita hii rezime. Hapa nitasema muhtasari. Tutaifanya pamoja tangu mwanzo mpaka mwisho, na jedwali moja ya kwetu Katanga.

I. JEDWALI YETU

Tumechukua shaba ya Gécamines, kampuni ya serikali ambayo kiti chake kiko hapa Lubumbashi. Hakuna jamaa nyingi katika muji huu ambayo haina baba, tate, mujomba ao jirani aliyekula mukate wa ile kampuni. Kwa hiyo namba hizi si namba za mbali.

Shaba iliyotolewa na Gécamines, 1986 mpaka 1994
(maelfu ya tani; hesabu zimepelekwa kwa elfu kumi iliyo karibu)

```
Mwaka      Shaba
1986        480
1988        470
1990        360
1992        150
1994         30
```

Ni mistari tano tu. Lakini ndani yake kuko mitego ya kutosha kwa somo letu.

II. SOMA PEMBENI MBELE YA KUSOMA KATIKATI

Mutu akipewa jedwali, macho yake yanakimbia kwa namba. Usifanye hivi. Soma kwanza yale maneno yaliyo juu na pembeni, kwa sababu ndiyo yanakuambia zile namba ni namba za nini. Jiulize maulizo ine, na uandike majibu kwa karatasi ya pembeni.

Ulizo la kwanza: ni nini inahesabiwa? Hapa ni shaba iliyotolewa, ni kusema chuma chenyewe kilichokwisha kutengenezwa. Si mawe yenye shaba yanayotoka kwa shimo. Tofauti ni kubwa sana: hata jiwe zuri la Katanga lina shaba kidogo tu ndani yake, tani chache katika kila tani mia. Mutu akichanganya mawe na chuma, anaharibu hesabu yote.

Ulizo la pili: ni ya nani? Ni ya Gécamines. Jedwali haisemi "shaba ya nchi yote".

Ulizo la tatu: kipimo ni gani? Ni maelfu ya tani. Kwa hiyo 480 si tani 480. Ni tani 480,000. Mwanafunzi mumoja akiandika "katika 1994 kampuni ilitoa tani 30", musomaji atafikiri kwamba shaba yote ya mwaka muzima iliweza kuingia ndani ya lori moja kubwa. Ile sifuri tatu ambazo zimefichwa katika kichwa cha jedwali, ni kazi yako kuzirudisha katika muhtasari.

Ulizo la ine: ni miaka gani, na gani inakosa? Hapa wameweka mwaka moja, wameruka moja. 1987, 1989, 1991 na 1993 haziko. Ile si uongo, ni kufupisha tu. Lakini usiandike "kila mwaka ilishuka", maana jedwali haikuonyeshi kila mwaka. Andika "kutoka 1986 mpaka 1994".

Maulizo ine haya yanakuchukua dakika tano. Mutu ambaye hakuyafanya ataonekana mara moja katika mustari wake wa kwanza.

III. KUTAFUTA MWENDO MUKUBWA

Sasa tuingie katikati. Mwendo mukubwa ni ile habari moja ambayo jedwali inasema kwa sauti kubwa kuliko zote. Ili kuipata, fanya hivi: angalia namba ya kwanza na namba ya mwisho, kisha angalia kama njia kati yao ni ya sawasawa ao ina pahali inavunjika.

Ya kwanza ni 480, ya mwisho ni 30. Gawanya 480 kwa 30, unapata 16. Kwa hiyo pahali palikuwa na tani 16, palibaki tani moja. Angalia vizuri nguvu ya maneno haya. "Ilipunguka kwa asilimia 94" ni kweli, lakini mama anayeuza mboga kwa soko haioni kwa macho. "Katika kila tani 16 ilibaki moja" anaiona mara moja.

Sasa njia kati yao. Toa namba moja kwa ingine:

```
1986 mpaka 1988     ilishuka  10
1988 mpaka 1990     ilishuka 110
1990 mpaka 1992     ilishuka 210
1992 mpaka 1994     ilishuka 120
```

Njia haikuwa ya sawasawa. Miaka miwili ya kwanza hakuna jambo kubwa: kutoka 480 mpaka 470 ni karibu kusimama pahali pamoja. Kisha 1988 njo kitu kinavunjika. Na katika tani, kuanguka kukubwa zaidi kulikuwa kati ya 1990 na 1992.

Hapa kuko mutego moja ambao unakamata hata watu wakubwa. Mutu mwingine atakuja kusema: "Hapana, kuanguka kukubwa kulikuwa kati ya 1992 na 1994." Nani ana haki? Wote wawili. Kati ya 1990 na 1992 tani 210,000 zilipotea, na hakuna miaka miwili ingine yenye kupoteza tani nyingi vile. Lakini kati ya 1992 na 1994, kutoka 150 mpaka 30, kampuni ilipoteza sehemu ine katika tano za kile kilichobaki, na hii ndiyo sehemu kubwa kupita zote. Ni kama mutu mwenye mbuzi kumi anapoteza tano, na mwaka kisha, katika zile tano zilizobaki, anapoteza ine. Mwaka wa kwanza alipoteza mbuzi wengi zaidi. Mwaka wa pili alipoteza sehemu kubwa zaidi ya mali yake. Kwa hiyo ukiandika "kuanguka kukubwa", sema mara moja kama ni kwa tani ao kwa sehemu. Ukiacha bila kusema, utabishana na musomaji wako bule.

Katika mistari tatu hatuna nafasi ya kusema yote mawili. Tunachagua moja. Mimi nachagua habari iliyo nyepesi na isiyokuwa na ubishi: mpaka 1988 hesabu ilisimama karibu pahali pamoja, kisha ilianguka sana. Hii inabaki kweli hata ukipima kwa tani, hata ukipima kwa sehemu.

IV. NAMNA TATU ZA KUANDIKA VIBAYA

Tuseme sasa wanafunzi watatu wameandika chini ya jedwali yetu.

Wa kwanza ameandika: "Katika 1986 ilikuwa 480, katika 1988 ilikuwa 470, katika 1990 ilikuwa 360, katika 1992 ilikuwa 150, katika 1994 ilikuwa 30." Hakuna uongo ndani. Lakini huyu hakufanya muhtasari, amesoma jedwali kwa sauti tu. Musomaji alikuwa na zile namba tayari, inchi moja juu. Muhtasari usichukue namba kupita mbili, tatu kama ni lazima. Kawaida ni ya kwanza na ya mwisho.

Wa pili ameandika: "Jedwali hii inaonyesha mabadiliko makubwa ya uzalishaji katika kipindi husika." Maneno ni makubwa, lakini yamepanda ao yameshuka? Kwa kiasi gani? Lini? Hatujui. Namna ya kujua mustari wa namna hii ni nyepesi: uukate, uubandike chini ya jedwali ingine yoyote, ya mvua, ya wagonjwa, ya bei ya unga. Kama unakaa vizuri popote, basi hausemi kitu.

Wa tatu ameandika: "Shaba iliharibika kwa sababu ya uporaji wa 1991." Huyu anajua historia, na tutarudia kwake mbele kidogo. Lakini aliandika kitu ambacho hakiko katika jedwali. Angalia tena zile mistari tano: neno "uporaji" liko wapi?

V. ANGALISHO MOJA, NA NAMNA YA KUICHAGUA

Hapa njo kuko kazi ngumu. Kila jedwali ina mambo mengi ambayo musomaji angepashwa kuangalia. Yetu ina angalau tatu. Moja, namba zimepelekwa kwa elfu kumi iliyo karibu, kwa hiyo si kamili. Mbili, miaka mingine imerukwa. Tatu, jedwali inahesabu shaba ambayo kampuni ilitoa, haihesabu shaba iliyobaki ndani ya udongo.

Ukiandika zote tatu, hakuna mutu atasoma. Muhtasari utakuwa murefu kuliko jedwali, na musomaji ataona kama unajikinga tu. Tunachagua moja. Lakini gani?

Njia ni hii. Chukua kila angalisho, ujiulize: "Kama musomaji wangu hajui hii, atafanya kosa gani?" Kisha uchague ile yenye kuzaa kosa kubwa zaidi.

Tujaribu. Kama hajui kwamba namba zimekatwa, atafikiri 1988 ilikuwa 470,000 kamili. Ni kosa, lakini dogo. Mwendo unabaki uleule. Kama haangalii kwamba miaka mingine inakosa, atafikiri pengine kulikuwa mwaka moja wa kupanda katikati. Ni kosa, lakini kutoka 480 mpaka 30 haigeuki.

Lakini ile ya tatu? Tuseme unasomea baba mukubwa wako, yule aliyefanya kazi kwa shimo la Kolwezi, mwendo bila angalisho.

— Baba mukubwa, sikiliza: shaba ya Gécamines ilianguka, katika kila tani 16 ilibaki moja.
— Ni kweli, mutoto. Sasa wewe unaelewa nini?
— Ninaelewa ya kwamba shaba ilikuwa inaisha.
— Hapana! Shaba haikuisha. Shaba ilibaki mule chini. Mashine njo zilikufa, vipande vya kutengeneza vilikosa. Nani alikuambia shaba iliisha?

Hakuna mutu alimuambia. Aliiambia mwenyewe, kwa sababu jedwali yenye namba zinazoshuka mpaka karibu na sifuri inafanana na debe linaloisha maji. Na hii ni kosa kubwa. Leo tunaweza kuipima: katika mwaka 2023 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni mbili na nusu ya shaba, ni kusema mara tano na zaidi ya ile 480,000 ya 1986. Nyingi ilitoka kwa migodi ya kampuni zingine, kama Tenke Fungurume na Kamoa-Kakula, katika ardhi ileile ya Katanga ya zamani. Udongo haukuwa umekwisha. Kampuni moja ndiyo ilianguka.

Fikiri sasa juu ya mutu aliyesoma ile jedwali katika 1995 bila angalisho. Angeweza kumuambia mutoto wake: "Usisome kazi ya migodi, shaba imekwisha." Ni jedwali ya kweli, namba za kweli, na mashauri mabaya. Ndiyo maana angalisho yetu inapashwa kuwa hii ya tatu.

Angalia tena namna ya kuiandika. Angalisho mubaya inasema: "Hesabu hizi zisomwe kwa uangalifu." Uangalifu wa nini? Angalisho muzuri inataja kitu chenyewe, na inasema musomaji asifikiri nini.

VI. KUANDIKA

Sasa tuna kila kitu. Tuandike.

Mustari wa kwanza, mwendo mukubwa, na jina la kinachohesabiwa, nani, lini, kipimo, na namba mbili:

"Shaba iliyotolewa na Gécamines ilianguka kutoka tani karibu 480,000 katika 1986 mpaka tani karibu 30,000 katika 1994: katika kila tani 16 ilibaki moja."

Mustari wa pili, pahali njia inavunjika:

"Mpaka 1988 hesabu ilisimama karibu pahali pamoja, kuanguka kukubwa kulikuja kisha ule mwaka."

Mustari wa tatu, angalisho:

"Angalisho: jedwali inahesabu shaba ambayo kampuni hii ilitoa, si shaba inayobaki udongoni, haionyeshi kama shaba iliisha."

Ni yote. Angalia maneno madogo. "Karibu" imewekwa mara mbili katika mustari wa kwanza, na ile moja imekwisha kumuambia musomaji kwamba namba si kamili. Kwa hiyo ile angalisho ya kwanza tuliyoiacha haikupotea. Imejificha ndani ya neno moja. Na "kutoka 1986 mpaka 1994", pasipo "kila mwaka", imechunga ile ya pili. Hivi ndivyo mutu anachagua angalisho moja bila kudanganya juu ya zingine.

VII. JUU YA NENO "KWA SABABU"

Turudie kwa mwanafunzi wa tatu, yule wa uporaji. Waalimu wetu wa historia watasema ana haki ya kutaja mambo yale, na ni kweli. Katika Septemba 1990 sehemu ya mugodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ilianguka. Katika 1991 kulikuwa uporaji katika miji mingi ya nchi. Katika 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga, na wengi wao walikuwa mafundi wa kampuni na wa reli. Hakuna mutu wa muji huu atakayesema yale mambo hayakuumiza kazi.

Lakini jedwali haikuyaona. Jedwali ina safu mbili tu: mwaka na shaba. Haina safu ya sababu. Ukiandika "kwa sababu ya" chini yake, unaikopesha sauti ambayo haina, na musomaji ataamini kwamba namba zenyewe zimethibitisha maneno yako.

Kitu kimoja jedwali inaweza kufanya: inaweza kukatala sababu fulani. Tuseme mutu anasema: "Ni kuanguka kwa Kamoto peke yake njo kuliangusha shaba." Angalia tarehe. Kamoto ilianguka mu Septemba 1990, mwaka ulikuwa umebaki na miezi mitatu tu. Na tukitafuta ule mwaka uliorukwa, 1989, tunakuta tani karibu 440,000, chini ya 1988. Kushuka kulikuwa kumekwisha kuanza. Kwa hiyo Kamoto iliongeza mbio, lakini haiwezi kuwa ya kwanza wala ya peke yake. Kwa ufupi: jedwali inaweza kukatala sababu, lakini haiwezi kuzaa sababu. Sababu ziweke katika fungu lako lingine, na pahali ulipozitoa.

VIII. NAMNA YA KUPIMA KAZI YAKO

Kuko vipimo viwili, na vyote havitaki mwalimu.

Cha kwanza: funika jedwali na mukono, umupe ndugu yako muhtasari peke yake. Umuombe achore mustari kwa karatasi: unaanzia wapi, unaishia wapi, unavunjika wapi. Kama anachora mustari unaosimama kidogo kisha unaanguka, muhtasari wako uko sawa. Kama anakuuliza "sasa ninapanda ao ninashuka?", rudia kuandika.

Cha pili: muulize, "Kuko kitu gani hatupashwe kufikiri?" Kama anaweza kujibu kwa maneno yake, angalisho yako imesikika. Kama anasema "sijui, umesema tu niangalie", basi haukusema kitu.

IX. ZOEZI

Hii ni mvua ya Lubumbashi, kwa wastani wa miaka mingi, katika milimita, namba zikiwa zimekatwa:

```
Septemba      5        Machi      200
Oktoba       30        Aprili      60
Novemba     150        Mei          5
Desemba     270        Juni         0
Januari     250        Julai        0
Februari    260        Agosti       0
```

Andika mistari tatu chini yake, bila kuangalia jibu. Nakuambia tu kwamba hapa namba ya kwanza na ya mwisho hazikusaidie, kwa sababu mwezi si kama mwaka: Agosti inarudia kwa Septemba, na njia inazunguka. Katika jedwali ya miezi tafuta fungu la miezi iliyo pamoja, uihesabu, kisha uipime na jumla.

JIBU

Jumla ya mwaka ni milimita 1,230. Novemba mpaka Machi ni 1,130. Kwa hiyo:

"Katika Lubumbashi mvua karibu yote inanyesha katika miezi mitano, Novemba mpaka Machi: milimita karibu 1,130 katika 1,230 za mwaka. Juni mpaka Agosti hakuna mvua. Angalisho: hizi ni wastani za miaka mingi, hazisemi mvua ya mwaka huu itaanza siku gani."

Kwa nini angalisho hii na si ingine? Rudia kwa ulizo letu: kama musomaji hajui, atafanya kosa gani? Ataona Oktoba 30, atapanda mahindi kwa mvua ya kwanza ya Oktoba akifikiri jedwali imemuahidia. Lakini 30 ya wastani inaweza kuwa mwaka moja 70 na mwaka mwingine karibu hakuna. Mbegu inaota, jua linarudi majuma mawili, miche inakauka, na pesa ya mbegu imekwenda. Wastani inaficha miaka mubaya ndani ya miaka muzuri.

Anayetaka kuendelea achukue jedwali yoyote katika kitabu chake cha jiografia, aandike mistari tatu, aifunike, na amupe mwenzake wa kiti. Muhtasari wa kwanza utakuwa murefu. Kata namba za katikati, kata maneno makubwa, na uache angalisho ile moja ambayo bila yake musomaji angepotea.

Mukubwa wa wanafunzi,
darasa la mwisho